Tanbihi inayomrudisha msomaji palepale alipokuwa

Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu alivuka na meli kutoka Ukerewe, akaja ofisini kwetu Kirumba na simu mkononi. Kitabu chake cha kumbukumbu za uvuvi kilikuwa kimeshatengenezwa EPUB mahali pengine na fedha alishalipa. Alifungua sura ya nne, akabonyeza namba 7 iliyo juu ya neno "kokoro". Maelezo yaliyotokea yalikuwa ya neno "furu". Akabonyeza namba iliyo mwanzoni mwa maelezo hayo ili arudi, akajikuta sura ya kwanza. "Mwanangu," akaniambia, "nilikuwa nasoma sura ya nne. Sasa naipataje tena mistari yangu?"

Kitabu kina sura 11 na tanbihi 214, nyingi zikifafanua maneno ya ziwani ambayo msomaji wa Tanga au Mbeya hawezi kuyajua. Msomaji wa namna hiyo atabonyeza mara nyingi, na kila akibonyeza anaacha sentensi nusu. Asiporudishwa kwenye sentensi ile ile, mara ya tatu au ya nne ataacha kubonyeza, na kazi yote ya mwalimu kueleza maneno itakuwa imepotea bure.

EPUB, muundo wa vitabu vya kielektroniki, ni furushi la zipu lenye mafaili ndani yake, na kwa kawaida kila sura ina faili lake, kwa mfano `sura04.xhtml`. Kiungo cha ndani kinahitaji kujua mambo mawili: faili gani, na mahali gani ndani ya faili hilo. Mahali hapo panatambuliwa kwa kitambulisho, yaani `id`, na kwenye kiungo jina la faili na la kitambulisho hutenganishwa na alama ya `#`. Ukiandika `#` na kitambulisho peke yake bila jina la faili, programu itatafuta ndani ya faili lile lile lililofunguliwa, haitatoka nje.

Nilipofungua furushi la mwalimu kwa Sigil, programu ya kuhariri EPUB, chanzo kilionekana mara moja. Sura zilikuwa zimeandikwa kwenye Word, kila moja na hati yake, kisha zikahifadhiwa kama kurasa za wavuti. Word ikifanya hivyo huipa tanbihi ya kwanza kitambulisho `_ftn1`, na namba yake ndani ya matini huiita `_ftnref1`. Hesabu inaanza upya katika kila hati. Aliyekusanya kitabu alihamisha tanbihi zote kwenye faili moja la mwisho, `tanbihi.xhtml`, bila kubadilisha vitambulisho. Faili hilo likawa na `_ftn1` kumi na moja, `_ftn2` kumi na moja, na kuendelea. Programu ya kusomea ikikuta kitambulisho kimejirudia, kwa kawaida huchukua kile inachokutana nacho kwanza. Kwa hiyo namba 7 ya sura yoyote ilikwenda kwenye tanbihi ya 7 ya sura ya kwanza, na kiungo cha kurudi cha tanbihi hiyo kilielekea sura ya kwanza, ambako ndiko kwake hasa. Kila kiungo kilikuwa kinatii kilivyoandikwa. Majina ndiyo yalikuwa yamegongana.

Tulibadilisha majina yote. Kila kitambulisho kikabeba namba ya sura na namba ya tanbihi, herufi `r` ikiwa ni rejeo ndani ya matini na `t` ikiwa ni tanbihi yenyewe. Sentensi ya mwalimu ikawa hivi:

```
<p>Tulifika mwaloni alfajiri, kokoro<a epub:type="noteref"
id="s04-r07" href="tanbihi.xhtml#s04-t07">7</a> likiwa
bado limelowa.</p>
```

Na kwenye faili la tanbihi:

```
<div epub:type="footnote" id="s04-t07">
<p><a href="sura04.xhtml#s04-r07">7.</a> Kokoro: wavu
unaovutwa kutoka ziwani hadi ufukweni.</p>
</div>
```

Tazama jinsi mishale miwili inavyokutana. Rejeo linaitaja tanbihi kwa jina lake, na tanbihi inalitaja rejeo kwa jina lake pamoja na faili la sura. Kitambulisho nakianza kwa herufi, si tarakimu, kwa sababu kanuni za XML, ambazo EPUB 2 inazifuata, hazikubali kitambulisho kinachoanza na tarakimu. Ukitumia `epub:type`, lazima juu kabisa ya faili, ndani ya tagi ya `html`, uwepo mstari wa `xmlns:epub="http://www.idpf.org/2007/ops"`. Ukikosekana, faili linakuwa na kosa la XML, na baadhi ya programu zitakataa kabisa kufungua sura hiyo.

Jambo ambalo watu wengi hulipuuza ni mahali pa kuweka `id` ya rejeo. Nimeona vitabu vingi ambavyo kiungo cha kurudi kinaelekea mwanzo wa aya, au hata kichwa cha sura. Kwenye kompyuta yenye kioo kikubwa hutaona tatizo. Lakini mwalimu wetu anaandika aya ndefu, na kwenye simu, herufi zikiwa zimekuzwa, aya moja inaweza kuchukua kurasa tatu za kioo. Ukiweka `id` kwenye `<p>`, msomaji aliyekuwa mwishoni mwa aya atarudishwa kurasa mbili nyuma na kuanza kujitafuta. Ndiyo maana naiweka kwenye tagi ya `<a>` yenye namba yenyewe. Ukurasa wa EPUB hauna mpaka wa kudumu: mpaka unahama kila msomaji akibadili ukubwa wa herufi. Kinachobaki pale pale ni ile tarakimu pembeni ya neno.

Programu nyingine hazimhamishi msomaji kabisa. Apple Books, ikiona `noteref` na `footnote`, huonyesha tanbihi kwenye kidirisha kidogo juu ya ukurasa ule ule. Hapo kiungo cha kurudi hakina kazi kubwa, lakini nakiacha, kwa sababu kitabu hicho hicho kitafunguliwa pia na programu zisizo na kidirisha. Zaidi ya hayo, Amazon kwenye mwongozo wake wa Kindle inahimiza tanbihi ziunganishwe pande zote mbili. Mtego uliopo upande wa Apple ni tagi ya `<aside>`. Miongozo mingi inaipendekeza, nayo ni nzuri kama tanbihi iko chini ya sura yake na hutaki ionekane mpaka ibonyezwe, maana Apple Books huificha kwenye ukurasa. Kwa mwalimu ilikuwa hasara. Anataka mtu aweze kufungua sehemu ya tanbihi kutoka kwenye yaliyomo na kuisoma kama kamusi ndogo ya ziwani. Kwa `<aside>`, msomaji mwenye iPhone angekuta ukurasa mtupu. Ndiyo sababu ya `<div>` hapo juu: kidirisha kinatokea, na maandishi yanaonekana pia mahali pake.

Kukagua ndiko kulikochukua muda mrefu zaidi. Hatua ya kwanza ni EPUBCheck, programu inayokagua kama EPUB imefuata kanuni. Inashika kitambulisho kilichojirudia (`RSC-005`), kiungo kinachoelekea kwenye faili lisilokuwemo (`RSC-007`) na kiungo kinachotaja kitambulisho kisichokuwepo (`RSC-012`). Kosa la herufi kubwa nalo linaonekana hapo: ukiita faili `Tanbihi.xhtml` halafu kiungo kikasema `tanbihi.xhtml`, Windows haitaona tofauti unapojaribu mafaili kwenye folda, ila ndani ya EPUB hayo ni majina mawili tofauti.

Lakini EPUBCheck haijui unakusudia nini. Rejeo la 7 likielekea tanbihi ya 8, nayo ipo na jina lake ni halali, ukaguzi utapita bila neno. Kosa hili hutokea hasa mwandishi anapoongeza tanbihi katikati baada ya kazi kukamilika. Hapo ndipo majina yenye mpangilio yanaposaidia. Kwenye dirisha la kutafuta la Sigil, nikiwa nimechagua hali ya Regex, inayotafuta kwa mpangilio wa herufi badala ya neno moja kamili, na kutafuta katika mafaili yote, naandika:

```
id="s(\d\d)-r(\d\d)" href="tanbihi\.xhtml#s(?!\1-t\2")
```

Maana yake: nitafutie rejeo lolote ambalo namba zake hazilingani na namba za tanbihi linayoielekea. Kwa safari ya kurudi naandika hivi:

```
id="s(\d\d)-t(\d\d)">\s*<p><a href="(?!sura\1\.xhtml#s\1-r\2")
```

Zote mbili zikirudi bila kupata kitu, mishale inalingana. Mbinu hii inataka sifa za tagi ziwe kwa mpangilio ule ule kila mahali, `id` kabla ya `href`, na tanbihi zisizidi 99 kwa sura. Kwenye kitabu cha mwalimu ilinishikia viungo sita, vyote vya sura ya tisa, ambako aliomba tuongeze maelezo ya "karabai" baada ya kazi kuanza.

Bado kuna kosa ambalo hakuna mashine itakayolishika: namba zinalingana lakini maelezo yenyewe ni ya neno jingine. Kwa hilo nawaomba waandishi waanze kila tanbihi na neno linaloelezwa, kama ilivyo "Kokoro:" hapo juu. Nikibonyeza rejeo, nalinganisha neno nililoliacha na neno nililolikuta, nikirudi natazama kama jicho linatua kwenye neno lile lile. Nilizipitia zote 214 kwa njia hiyo, kwenye simu na si kwenye kompyuta, huku herufi nimezikuza. Ilinichukua siku moja na nusu.

Neno "mwalo" lilitusumbua peke yake. Mwalimu alilieleza sura ya kwanza, kisha kwenye sura ya sita akaweka rejeo linaloelekea kwenye tanbihi ile ile. Kwenda hakuna shida, marejeo mawili yanaweza kuelekea sehemu moja. Kurudi ndiko kunakokwama, kwa kuwa kiungo kimoja hakiwezi kujua msomaji ametokea sura gani. Baadhi ya wenzangu huweka viungo viwili vya kurudi, kimoja cha kila sura, na kumwachia msomaji achague. Mimi naona ni kumbebesha msomaji mzigo usio wake, hasa kama amesahau namba ya sura anayoisoma. Tuliyanakili maelezo ya "mwalo" mara ya pili, yakawa na kitambulisho chake `s06-t02` na kiungo chake cha kurudi. Maneno ishirini yaliyojirudia hayaongezi uzito wowote kwenye faili.

Programu nyingi zina kitufe chao cha kurudi baada ya kubonyeza kiungo, na wapo wanaosema kinatosha. Kinakumbuka kweli mahali ulipotoka, lakini kwenye baadhi ya programu kinatoweka ukishageuza ukurasa, na tanbihi ndefu ya mwalimu kuhusu majira ya dagaa inageuzwa kurasa mbili kwenye simu yake. Kwa tanbihi ndefu kama hiyo niliongeza kiungo cha pili cha kurudi mwishoni mwa aya ya mwisho, kikielekea `s07-r11` kama kile cha mwanzoni, ili msomaji akimaliza asilazimike kurudi juu kuitafuta namba.