Kufubaa si kugeuka manjano: kwa nini nguo nyeupe hupoteza weupe

Nguo nyeupe ya pamba hupoteza weupe kwa njia mbili. Inaweza kufubaa, yaani kuelekea kijivu, au kugeuka manjano. Wengi huzikabili zote mbili kwa dawa ya klorini, ile tuliyozoea kuiita jiki hata kama chupa ina jina lingine. Kwa kijivu klorini haisaidii sana, na kwa manjano mara nyingine ndiyo inayoyazidisha.

Kijivu ni kitu kilichobaki juu ya nguo. Anayefua kwa maji ya kisima chenye chokaa nyingi, kama visima vingi vya pwani, anajua jinsi sabuni ya kipande inavyokataa kutoa povu. Sabuni hiyo ikikutana na kalsiamu na magnesiamu iliyomo majini hugeuka utando usioyeyuka, ule ule unaoganda pembeni mwa beseni. Utando huo hung'ang'ania nyuzi na kunasa vumbi na uchafu, na kila mfuo unaongeza tabaka. Ukitaka kuyajua maji yako, tia kidogo kwenye chupa safi, kwangulia sabuni ya kipande humo, kisha tikisa. Yakibaki kama maziwa yaliyokatika badala ya kutoa povu, umeshapata sababu.

Manjano mara nyingi ni mafuta ya mwili. Tazama kanzu iliyowekwa kabatini tangu Idi ikiwa imefuliwa juujuu tu. Ilipoingia ilikuwa nyeupe, ikatoka na mstari wa manjano shingoni na makwapani. Mafuta yaliyobaki ndani ya nyuzi yamekutana na hewa taratibu yakabadilika rangi. Pasi ya moto huharakisha jambo hilo, kwa hiyo usipige pasi kwenye doa ambalo halijatoka. Ikiwa manjano yameenea nguo nzima kwa usawa na maji yako yana kutu, hiyo ni chuma, na hapo klorini iweke mbali kabisa, maana huigeuza chuma iliyoyeyuka kuwa kutu ndani ya kitambaa.

Tuseme shati la shule la pamba tupu limepatwa na yote mawili. Anza na kijivu. Changanya glasi moja ya siki nyeupe na lita 4 za maji, loweka nusu saa, kisha suuza. Wengi huishia hapa halafu wanalalamika kwamba siki haifanyi kazi. Siki huuvunja ule utando, lakini kinachobaki ni mafuta, na mafuta hayatoki kwa kusuuza. Ndiyo maana hatua ya pili ni kufua kwa sabuni ya unga na maji ya moto, kwani sabuni nyingi za unga hazishindwi na chokaa kama ya kipande. Limau nalo hufanya kazi ya siki, ila lisiachwe likaukie kwenye nguo, kwa sababu asidi yake hubaki na kudhoofisha pamba. Na siki au limau visikutane kamwe na klorini, wala beseni lenye mabaki yake: hutoka gesi inayochoma mapafu.

Kwa manjano, paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye kola na makwapa, sugua kwa vidole, acha robo saa. Kisha loweka kwenye dawa ya oksijeni. Kwenye pakiti tafuta sodiamu pakaboneti. Vijiko viwili vikubwa kwa lita 5 za maji ya moto ambayo mkono bado unayavumilia. Kwenye maji baridi unga huu huzubaa. Acha saa mbili hadi sita, kwenye beseni la plastiki, bila kufunika kwa kubana kwa sababu unatoa hewa. Sufu na hariri visiingie humo. Ukimaliza, suuza vizuri na uanike juani.

Kwa nini si klorini tu? Klorini haichagui: inakula doa na inakula pamba yenyewe. Dalili yake ni kola inayochanika kwenye mkunjo na mshono unaoachia ukivutwa kidogo. Huharibu pia dawa ya kung'arisha ambayo kiwanda huweka kwenye kitambaa kipya. Pamba asili ina rangi ya maziwa mazito, si nyeupe ya karatasi, kwa hiyo sehemu ya hayo manjano unayopigana nayo huenda ni pamba yenyewe imejitokeza.

Bluu ya kufulia ni suala la macho tu. Haiondoi chochote, inafunika manjano kidogo kwa rangi inayoyapinga. Ukiitia kwenye nguo ambayo bado ina utando, bluu na manjano vinakutana na nguo inazidi kuwa kijivu. Itumie mwishoni, kwenye nguo iliyokwisha kutakata, matone machache yaliyokorogwa vizuri kwanza kwenye maji mengi, la sivyo utapata madoadoa.