Kabla ya likizo: pakua nyaraka zako, kisha zima mtandao uzijaribu

Kila baada ya likizo ndefu, dawati la msaada la maktaba yetu hupokea malalamiko ya aina moja, na safari hii yameongezeka kiasi cha kutulazimu kuandika. Mwanafunzi wa programu amekwenda nyumbani, mahali ambako mtandao unashika ukipanda kilimani, au bando la wiki linaisha kwa siku mbili. Kabla ya kuondoka alipakua kila alichodhani atakihitaji. Alipofika na kufungua laptopu, nusu ya vitu havikufanya kazi. Hatuna shaka kwamba wengi walijitahidi. Tatizo ni kwamba walipakua wakiwa mtandaoni, wakafungua wakiwa mtandaoni, wakaridhika.

Nitaeleza kwa mfano wa Flask, kwa sababu ndiyo inayoletwa zaidi dawatini na kwa sababu karibu kila kosa la upakuaji linaonekana humo. Ni chombo cha kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python. Ukubwa wake ni mdogo, hivyo anayekwama kwa Flask hakwami kwa kukosa bando.

Tuanze na nyaraka zenyewe. Kubonyeza Ctrl+S kwenye kivinjari hakupakui kitabu. Kunahifadhi ukurasa ule mmoja ulioko mbele yako, na viungo vyake vyote vinaendelea kuelekeza mtandaoni. Tumelisema hili kwenye mafunzo ya mwaka wa kwanza, kwenye mabango na dawatini, na bado tunaletewa folda zenye kurasa za mwanzo peke yake. Nyaraka rasmi za Python zinatolewa zikiwa zimefungashwa tayari katika ukurasa wa `docs.python.org/3/download.html`. Chagua toleo la HTML. Faili lake la zip ni dogo kuliko video nyingi mnazotumiana kwenye makundi ya darasa. Lifungue kabisa kwenye folda ya kawaida, usisome ukiwa ndani ya zip, maana hapo ukurasa wa kwanza utafunguka na kila kiungo baada yake kitagoma. Ukishalifungua, bonyeza `index.html`. Hata kisanduku cha kutafuta kitafanya kazi bila mtandao, kwa kuwa faharasa yake imo ndani ya folda hiyohiyo.

Kwa Flask, nenda kwenye hazina yake, `github.com/pallets/flask`, uchague toleo linalolingana na lile utakalosakinisha, kisha upakue zip yake. Ndani kuna folda ya `docs`, na humo `docs/tutorial` ina somo zima la kujenga blogu hatua kwa hatua. Msimbo uliokamilika wa blogu hiyo umo katika `examples/tutorial`. Maandishi yako katika mafaili yenye mwisho wa `.rst`, ambayo hufunguka kwa Notepad au kihariri chochote. Hayapendezi kama tovuti, lakini kila neno limo. Uzuri mwingine ni kwamba somo hilo linatumia hifadhidata ya SQLite, ambayo huja na Python yenyewe, kwa hiyo hakuna seva ya kutafuta baadaye.

Sasa tufike mahali ambapo watu wengi hukwama: paketi zenyewe.

Chukulia mwanafunzi mwenye laptopu ya Windows ya biti 64 na Python 3.12. Amekuja maabara, ambako kompyuta zetu zinatumia Linux na Python 3.10. Ameandika amri hii, akanakili folda kwenye flashi na kuondoka:

```
pip download flask -d paketi
```

Amri ni sahihi. Imeleta Flask pamoja na paketi inazozitegemea: Werkzeug, Jinja2, click, itsdangerous, blinker na MarkupSafe. Lakini `pip` hupakua kwa ajili ya kompyuta iliyo mbele yake. Haijui lolote kuhusu laptopu iliyobaki bwenini. Paketi nyingi kati ya hizo zimeandikwa kwa Python tupu na jina la faili linaishia `py3-none-any.whl`, yaani zinakubali mashine yoyote. MarkupSafe siyo hivyo. Ina sehemu iliyotafsiriwa kwa lugha ya mashine, na jina la faili lake litakuwa na `cp310` na `manylinux`. Ya kwanza inamaanisha Python 3.10, ya pili inamaanisha Linux. Kule nyumbani Windows italikataa, na ujumbe utakuwa na maneno `No matching distribution found`. Mwanafunzi anaona faili liko pale kwenye folda, anaambiwa halipo, anahitimisha kwamba flashi yake imeharibika. Flashi haina kosa. Jifunze kusoma majina ya mafaili; hilo peke yake lingepunguza nusu ya foleni yetu.

Kuna tatizo la pili lililojificha zaidi. Paketi ya click ikiwa kwenye Windows huhitaji paketi nyingine iitwayo colorama. Ikiwa kwenye Linux haiihitaji. Kwa hiyo kompyuta ya maabara haikuipakua kabisa. Hata ukiiambia `pip` ilete mafaili ya Windows, bado haitaileta, kwa sababu sharti hilo linapimwa kwa kompyuta inayopakua na si kwa ile itakayotumika. Anayetumia kompyuta zetu kwa ajili ya laptopu ya Windows aitaje mwenyewe:

```
pip download flask colorama -d paketi --only-binary=:all: --platform win_amd64 --python-version 3.12
```

Badilisha namba ya mwisho ilingane na Python yako. Utaijua kwa kuandika `py --version` kwenye laptopu yako mwenyewe, si kwenye ya maabara. Na kama laptopu inabebeka, njia bora kuliko hizi zote ni kuja nayo, kuiunga kwenye waifai ya maktaba na kupakua humohumo kwa amri ile fupi ya kwanza. Hapo kila kitu kinalingana chenyewe. Ukishaunga tu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo ndani ya Windows uwashe `Metered connection`, na nyumbani ufanye hivyohivyo unapotumia simu kama modemu. Vinginevyo masasisho makubwa ya Windows yanaweza kumaliza bando kabla hujafungua chochote.

Kisha jaribu. Zima waifai, chomoa kebo, zima mtandao wa simu, na tengeneza mazingira mapya matupu:

```
py -m venv jaribio
jaribio\Scripts\activate
pip install --no-index --find-links=paketi flask
flask --version
```

Sehemu ya `--no-index` inaizuia `pip` kutafuta mtandaoni, hivyo inategemea folda yako peke yake. Mazingira yawe mapya, kwa sababu kama Flask ilikwisha kusakinishwa siku za nyuma utajibiwa `Requirement already satisfied` na utadhani folda imefaulu mtihani ambao haukufanyika. Ikikosekana paketi moja, ujumbe wa kosa utaitaja kwa jina. Washa mtandao, ipakue, zima, rudia. Ukiona namba ya toleo la Flask imetoka, endesha na ile blogu ya mfano uifungue kwenye kivinjari. Hapo ndipo unapogundua jambo jingine: ukurasa ulioandika wewe mwenyewe na kuuelekeza uchukue mapambo ya Bootstrap kutoka mtandaoni utatokea mtupu, maandishi meusi yamepangana upande wa kushoto. Msimbo wako hauna kosa. Pakua faili la `bootstrap.min.css`, liweke kwenye folda ya `static`, na ubadilishe kiungo.

Wanaotaka ensaiklopidia au mkusanyo wa maswali na majibu ya waandaaji programu watumie Kiwix, programu ya bure inayosoma mafaili ya `.zim` yenye tovuti nzima ndani yake. Tahadhari moja tu hapa. Flashi nyingi huuzwa zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4, hata flashi yenyewe iwe ya GB 64 na iwe tupu. Ibadilishe iwe exFAT, ukijua kwamba kufanya hivyo kunafuta vyote vilivyomo. Ukimaliza kupakua linganisha alama ya uhakiki ya SHA256 inayotolewa na wenye faili na ile unayoipata kwa `certutil -hashfile jina.zim SHA256`. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili limekatika au limeharibika njiani. Usiondoke nalo.

Kuhusu video, zile zilizohifadhiwa ndani ya programu ya YouTube kwenye simu si mafaili yako. Hazihamishiki kwenda laptopu, na programu hutaka kurudi mtandaoni mara kwa mara ili ziendelee kufunguka. Usipange likizo nzima juu yake.

Sasa utaratibu, na naomba usomwe wote. Kila flashi au diski ya nje hupimwa virusi dawatini kabla ya kuchomekwa kwenye kompyuta ya maabara, hata kama ilipimwa jana. Maombi ya mafaili makubwa kuliko GB 2 hujazwa kwenye fomu ya upakuaji: jina la faili, anwani kamili linakotoka, ukubwa wake, na aina ya leseni. Upakuaji huo hufanyika usiku, na faili huchukuliwa siku inayofuata kwa kitambulisho cha mwombaji mwenyewe. Hatumkabidhi rafiki, ndugu wala kiongozi wa darasa bila barua. Faili lisilochukuliwa ndani ya siku 7 hufutwa, na ombi jipya huanza mwisho wa foleni. Anayechomeka flashi isiyopimwa hufungiwa akaunti ya maabara kwa siku 14. Akirudia, suala hupelekwa kwa mlezi wa wanafunzi, na kipindi cha kufungiwa huamuliwa huko.

Leseni inaulizwa kwa sababu. Nyaraka za Python na Flask zimetolewa kwa leseni huria, hivyo ni halali kuzinakili na kumpa mwenzako. Kozi ya kulipia iliyovujishwa kwenye Telegram si halali, na kwamba kila mtu anayo hakubadilishi chochote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inawalinda wenye kazi hizo, na hatutaziweka wala kuzihamisha kwa vifaa vya maktaba. Kwa mwenye shaka kuhusu faili fulani, tunashauri aulize kwanza. Kuuliza hakuna adhabu.

Aliyekwisha kukwama nyumbani asifute folda. Mara nyingi kinachokosekana ni faili moja au mawili, na kwa upande wa Flask hayo ni madogo kiasi kwamba bando dogo kabisa la siku linatosha kuyaleta. Nakili ujumbe wa kosa wote, kuanzia neno `ERROR` hadi mwisho wa mstari, pamoja na majibu ya `py --version` na orodha ya majina ya mafaili yaliyomo kwenye folda. Ukitutumia hivyo vitatu kwa ujumbe wa maandishi, tutakuambia jina kamili la faili la kupakua. Ukituandikia tu kwamba "haifanyi kazi", itabidi tukuulize yote hayo upya, na wewe ndiye utakayekuwa unalipia bando la kujibu.