Minyoo ya ini: kidevu kimevimba Septemba, majani yaliliwa Juni

Mzee mmoja anayechungia bonde la Ruvu, upande wa Bagamoyo, alinionyesha jike la kondoo lenye uvimbe chini ya taya, umening'inia kama kifuko cha maji. Ilikuwa alasiri, mwishoni mwa Septemba. Jirani yake alikwisha kuutoboa kwa sindano akidhani ni jipu. Usaha haukutoka hata tone. Yalitoka maji meupe, uvimbe ukanywea, na kesho yake jioni ukarudi pale pale.

Maji yale meupe ndiyo maelezo yenyewe. Jipu huwa la moto na mnyama huruka ukiligusa. Uvimbe huu ni wa baridi, haumi, na ukiubonyeza kwa kidole gumba shimo hubaki kwa muda kabla ya kujaa tena. Halafu una tabia ya kuja na kuondoka: asubuhi ni mdogo, jioni mkubwa. Kondoo hushinda amekiinamisha kichwa akila, kwa hiyo maji yaliyovuja mwilini hushukia chini ya taya. Usiku akilala kichwa kiko juu, maji yanatawanyika. Ndiyo maana anayekagua kundi asubuhi tu, kabla ya kufungulia zizi, aweza kukaa wiki mbili bila kuona kitu.

Maji yanavuja kwa sababu damu imepungukiwa na albumini, protini inayotengenezwa na ini na kazi yake kubwa ni kuyazuia maji yasitoke kwenye mishipa. Hapa ndipo minyoo ya ini inapoingia. Ni minyoo bapa, umbo lake kama jani la mti, na hii ya nyanda za joto kama pwani yetu hufikia urefu wa sentimita saba. Wachinjaji wanaifahamu vizuri: hupasua ini, mirija ya nyongo ikawa minene na migumu, na ukiibana minyoo inachomoza. Mnyoo mmoja mkubwa hukadiriwa kumpotezea mnyama hadi nusu mililita ya damu kwa siku. Kondoo wa kilo 30 ana damu ya lita mbili hivi. Akiwa na minyoo 60, anapoteza hadi mililita 30 kila siku, na albumini inakwenda na damu hiyo hiyo, huku ini linalotakiwa kutengeneza nyingine likiwa limejaa makovu.

Nilimshusha kondoo yule kope ya chini. Ndani palitakiwa pawe pekundu kama nyama mbichi. Palikuwa peupe kabisa. Huo ndio upungufu wa damu, na huja kabla ya uvimbe wa taya, kwa hiyo kope ni shahidi wa mapema kuliko kidevu. Ila kope nyeupe peke yake haisemi ni ugonjwa gani. Ndigana baridi nayo hupausha kope, lakini aghalabu huja na homa, na minyoo ya ini hii ya kudhoofisha polepole haina homa. Mgumu zaidi kutofautisha ni mnyoo mwembamba wa tumboni anayefyonza damu, kwani naye kwa kondoo hupausha kope na kuvimbisha taya vile vile. Na mara nyingi wawili hao hukaa pamoja ndani ya kondoo mmoja.

Mzee alikuwa amemchoma sindano ya ivamektini wiki tatu nyuma. Hilo nalisikia kila mwaka. Ivamektini inaua minyoo ya tumbo na baadhi ya wadudu wa ngozi, lakini minyoo ya ini haiigusi kabisa. Levamisoli ikiwa peke yake ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kondoo aliyepewa dawa ya minyoo na bado taya limevimba, mashaka juu ya ini yanaongezeka. Tulichukua kinyesi moja kwa moja kutoka njia ya haja kubwa, tukakipeleka maabara na kuomba kipimwe kwa njia ya kutuamisha. Neno hilo lazima litajwe, kwa sababu kipimo cha kawaida ni cha kuelesha mayai juu ya maji ya chumvi, na mayai ya minyoo ya ini ni mazito, huzama, hayaonekani. Yetu yalionekana: makubwa, ya rangi ya dhahabu.

Sasa turudi nyuma tuhesabu. Minyoo hii ikishaliwa huchukua wiki 13 hadi 16 kabla ya kuanza kutaga. Mayai yakionekana mwishoni mwa Septemba, basi minyoo ililiwa mwishoni mwa Juni au kabla yake. Nilimwuliza mzee Juni alikuwa anachungia wapi. Akasema, "Kwenye majani mabichi, daktari, kule chini maji yalikokuwa yanarudi mtoni." Huko juu nyasi zilikwisha kuanza kukauka, masika imepita, na ukingo wa maji ndio uliobaki na kijani.

Ukingo huo ni makazi ya konokono wa maji ambaye bila yeye mnyoo huyu hawezi kuendelea na maisha. Konokono mwenyewe ni mdogo, sentimita moja hadi mbili, gamba jembamba la kahawia hafifu. Anapenda maji baridi yasiyo na chumvi, yaliyotulia au yanayokwenda taratibu, yenye mimea: mifereji ya mpunga, madimbwi ya kunyweshea, mapito ya mto yaliyozibwa na magugu. Karibu na mdomo wa Ruvu, bahari inakoingia, humkuti. Ukitaka kumtambua, mshike ncha ikiwa juu na tundu la gamba likikutazama. Tundu likiwa kulia na halina kifuniko, ni yeye. Likiwa kushoto, huyo ni ndugu yake wa kichocho, jambo linalokukumbusha kwamba maji hayo hayafai kuingiwa miguu mitupu. Tumia kichungio chenye mpini mrefu.

Mzunguko wenyewe ni huu. Yai likidondoka na kinyesi majini, baada ya wiki mbili hivi linaangua kimelea kidogo mno kinachoogelea. Kina saa chache tu, siku moja ikizidi sana, kumpata konokono, la sivyo kinakufa. Kikimpata, kinazaliana ndani yake, na kimoja kilichoingia kinaweza kutoka mamia baada ya wiki sita hadi kumi. Hao hujigandisha kwenye majani, hasa sehemu ya shina iliyo ndani ya maji au juu kidogo tu, na kujifunika gamba. Maji yakipungua, sehemu ile ya shina inabaki wazi mdomoni mwa ng'ombe na kondoo. Ndiyo maana Juni na Julai ni miezi mibaya kuliko Aprili, ingawa Aprili ndiyo yenye mafuriko.

Hata ng'ombe wa maziwa anayefugwa bandani hasalimiki ikiwa majani yake yanakatwa kwenye mfereji. Nimeona mwenye ng'ombe mmoja tu, hajawahi kutoka uani, akishangaa maziwa yanapungua. Mundu ulikuwa unakata shina hadi chini ya maji. (Binadamu hapati minyoo hii kwa kula ini lililopikwa, huipata hasa kwa mboga mbichi za majini. Ini bovu linatupwa, lakini mchinjaji hana haja ya kuogopa.)

Mzee alitaja jambo lingine kama la pembeni: mwanzoni mwa Agosti kondoo wawili wazuri, wanene, walikufa ghafla. Walidhani nyoka. Hakuna aliyewapasua, kwa hiyo siwezi kuapa, ila muda unalingana. Kondoo akila vimelea vingi kwa mpigo, wachanga hao hutoboa utumbo, wakaingia kwenye ini na kulichimba kwa wiki kadhaa kabla ya kufika kwenye mirija ya nyongo. Ini linavuja damu tumboni, kondoo anakufa akiwa na mwili wake, taya halijavimba na kinyesi hakina yai hata moja. Ng'ombe mkubwa mara nyingi huvumilia. Kondoo havumilii, na kuugua mara moja hakumkingi na mara ya pili.

Umri wa mnyoo ndio unaochagua dawa. Albendazoli, iliyo rahisi kupatikana madukani, inaua minyoo mikubwa tu iliyokwisha kufika kwenye mirija. Iliyoliwa Agosti bado inachimba ini, na dawa haiipati. Pia kipimo chake kwa minyoo ya ini ni kikubwa kuliko cha minyoo ya tumbo, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Kwa kondoo ni miligramu 7.5 kwa kila kilo badala ya 5. Yule wa kilo 30, kwa dawa ya asilimia 2.5, anatakiwa apate mililita 9. Mzee amezoea kumpa 6. Kwa ng'ombe ni miligramu 10 kwa kilo, yaani ng'ombe wa kilo 300 anapata mililita 30 za dawa ya asilimia 10. Kondoo jike aliyepandwa ndani ya mwezi mmoja uliopita, au ng'ombe ndani ya siku 45, asipewe, kwani albendazoli huharibu mimba changa.

Kwa kondoo wake tulichagua triklabendazoli, miligramu 10 kwa kilo, kwa sababu inaua hata minyoo ya wiki mbili. Hatukuwapa ng'ombe wanaokamuliwa, maana maziwa yake hayafai kunywewa. Hao walipewa oksiklozanidi, na siku za kumwaga maziwa zikafuatwa kama zilivyoandikwa kwenye chupa. Kondoo yule mgonjwa hatukumkimbiza. Aliyeishiwa damu kiasi kile anaweza kufa mkononi kwa kukurupushwa tu, kwa hiyo tulimfuata alipolala, tukamnywesha kichwa kikiwa sawa na mgongo, dawa isiende mapafuni.

Tarehe ya mwisho wa Septemba ilikuwa bahati, hakuipanga. Ila ndiyo ifaayo: minyoo ya Juni imekomaa, na vuli ya Oktoba haijaja kusomba mayai kuyapeleka kwa konokono. Dozi ya pili tumeiweka mwisho wa Februari, kabla ya masika, kwa ile itakayoliwa wakati wa vuli. Mvua zikichelewa, tarehe nazo zinasogea. Anayetibu Julai kwa albendazoli kwa kuwa ndipo alipouza ng'ombe akapata fedha, anaua ya zamani na kuiacha mipya yote.

Uvimbe wa kondoo yule ulipungua ndani ya siku kumi. Kope ilichukua zaidi ya mwezi kurudi nyekundu. Mzee sasa ananywesha kwenye hori lililo juu ya kingo, maji yakichotwa kwa ndoo, na Juni bonde la chini anawaachia ng'ombe dume wa kuuza. Kondoo wanabaki kwenye nyasi kavu za juu, hata wakikonda kidogo.