Pea tatu hazipo: jinsi kika inavyoamua mshindi wa poka

Jumamosi iliyopita, kwenye baraza tunayochezea huku Tudor, ami mmoja alifunua tano mbili na papo hapo akaanza kuzivuta korosho. (Sisi twacheza kwa korosho. Pesa zina maneno mengi.) Mezani palikuwa na kingi mbili, tisa mbili na tatu moja. "Mimi nina pea tatu," akasema. "Kingi, tisa na tano. Nani mwengine hapa ana pea tatu?" Aliyebaki naye, kijana wa tuktuk, alikuwa na kwini na nne, karata ambazo hazikushikana na chochote. Nikamwomba ami azirudishe korosho. Zilikuwa za kijana.

Nimegawa karata kasino miaka kadhaa kabla ya kuacha kazi ile, na ugomvi wa namna hii nauona kila mara, hata kwa watu walioanza kucheza zamani. Chanzo chake ni kimoja: mtu hushikilia jina la alichonacho, akasahau kuhesabu karata. Katika poka ya karata mbili mkononi na tano mezani, kila mchezaji ana saba za kuchagulia, lakini anayepigania nazo ni tano tu. Si nne, si sita.

Mfanye ami achague tano zake bora. Kingi mbili na tisa mbili, hizo nne. Imebaki nafasi moja, na tano zake mbili haziwezi kuingia zote, basi inaingia moja, nyengine inatupwa. Mkono wake ni kingi, kingi, tisa, tisa, tano. Kijana naye ana kingi, kingi, tisa, tisa, kwini. Pea zao zalingana, kwa hivyo tunaiangalia ile ya tano iliyobaki pweke, na hiyo ndiyo kika. Kwini yaipita tano. Uchungu wa ami naujua ulikotoka: kabla ya karata ya mwisho kufunuliwa mezani palikuwa na kingi mbili, tisa moja na tatu, naye alikuwa mbele kwa pea mbili, kingi na tano. Ile tisa ya pili ndiyo iliyomuua, na yeye akadhani imemwongezea.

Kika huitwa pale tu majina yanapolingana. Kwanza mikono hupangwa kwa uadimu wake, kutoka chini: karata ya juu, pea, pea mbili, tatu za aina moja, streti ya tano zinazofuatana, flashi ya tano za jamii moja kama kopa tupu, fulu hausi ya tatu na mbili, nne za aina moja, kisha streti flashi. Wanaobisha kwamba streti yafaa kuishinda flashi, hesabu ni hii: katika mikono 2,598,960 ya karata tano, streti ni 10,200 na flashi ni 5,108. Streti haina kika, wala fulu hausi, kwa kuwa karata zote tano zina kazi.

Na turufu iacheni kwenye karata zetu za kawaida. Hapa shupaza haiishindi pau.

Penye pea moja ndipo kika huwa tatu, nazo hulinganishwa moja moja kuanzia kubwa. Hapo nami niliwahi kuteleza nikiwa mgeni kazini. Mezani: ree, kingi, jeki, nane, mbili, bila flashi. Mmoja alishika ree na saba, mwengine ree na nne. Nikaona saba, nikaona nne, nikampa mwenye saba chipu zote, na msimamizi akazirudisha katikati mbele ya watu. Zihesabu: ree, ree, kingi, jeki, nane. Tano zimekwisha, na ni zile zile kwa wote wawili. Saba haikupata pa kukaa, sawa na nne. Wanagawana. Lau mwenye saba angekuwa na tisa, angeipiku ile nane ya mezani na kuchukua zote.

Usiku huo huo wa ami tulipata mgawano kama huo, na korosho zilikuwa 31, kwa sababu mchezaji wa tatu alikuwa ameweka yake moja akajitoa. Kumi na tano kila mmoja. Ile inayobaki, kwa desturi ya meza nyingi, hupewa aliye karibu zaidi kushoto kwa mgawaji. Nilipogeuka kumpa, ami alikuwa anatafuna.