Nachoka, nacheka: kugeuza shairi la huzuni bila kuvunja mfupa wake

Wiki tatu zilizopita alikuja msichana mmoja wa hapa Langoni, mtaa wetu Lamu, nilimsomesha ushairi zamani, akakaa dakani mlangoni akanifungulia simu anionyeshe picha ya karatasi. "Shikamoo mwalimu, hili shairi la mama." Mamake alilitunga mwaka kakake alipoondoka kwenda kutafuta kazi Ghuba, na tangu hapo wanawake wa nyumba ile wanaliimba, jioni jioni, wakisuka ukili. Sasa kaka anarudi. Dada mtu anataka siku ya kumpokea liimbwe lile lile, kwa mahadhi yale yale, ila liwe la matumaini. Kila mtu nyumbani ashalijua kwa sauti, hakuna anayetaka kujifunza jipya.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, manake mahadhi yanakufunga mikono. Ukiongeza silabi moja waimbaji wanajikwaa, ukibadilisha kina cha kati pumzi inakosa pa kutua. Mamake ameniruhusu kuliweka hapa, ila kwa sharti nisitaje jina. Hizi ndizo beti mbili za mwanzo:

Nimekaa ukingoni, taa yangu yazimika
Jahazi li mawimbini, tanga lake lachanika
Kiza kimeshuka pwani, na kamba imekatika
Mwanangu yu safarini, nami nangoja nachoka

Kusi imevuma ndani, milango ikafungika
Kitanda chake chumbani, vumbi limekifunika
Asumini kiwandani, maua yapukutika
Mwanangu yu safarini, nami nangoja nachoka

(Kwa wasomaji wa bara: kiwanda kwetu Amu ni ule uwanja wa ndani ya nyumba, ulio wazi juu, ndipo panapopandwa asumini.)

Ni tarbia, mishororo minne kila ubeti, mizani, yaani silabi, kumi na sita kila mshororo, nane ukwapi, ile nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili. Kina cha kati ni -ni, cha mwisho ni -ka, na ni mtiririko, yaani vina havibadiliki kutoka ubeti hadi ubeti. Mshororo wa nne ni kibwagizo, unarudi vile vile. Huo ndio mfupa na nilimwambia huyu mwanafunzi wangu, bintiangu, toka mwanzo kwamba hatuugusi hata kidogo, na mpangilio wa mishororo pia hatuugusi, wa kwanza ubaki wa taa, wa pili ubaki wa jahazi, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Yeye alikuwa ashajaribu mwenyewe. Aliniletea ubeti unaoanza "Furaha iko moyoni, matumaini yafika". Hesabu kwa vidole: fu-ra-ha-i-ko-mo-yo-ni, nane. Ma-tu-ma-i-ni-ya-fi-ka, nane. Vina viko sawa. Kwa hiyo kanuni zote zimetimia, lakini nilipomwambia aimbe akaimba hadi katikati akanyamaza mwenyewe, akasema "mwalimu, kama si lenyewe". Ni kweli, si lenyewe, kwa sababu taa imeondoka, jahazi limeondoka, kamba imeondoka. Anayelijua la zamani akisikia "furaha iko moyoni" hana pa kushika, hajui ni kitu gani kilichogeuka. Furaha na matumaini ni majina ya hali, hayaonekani, na shairi la mamake halina hata neno moja la namna hiyo, angalia tena, hakuna "huzuni" wala "majonzi" mle ndani. Huzuni yake yote imekaa kwenye vitu. Basi na matumaini lazima yakae kwenye vitu vile vile.

Kanuni ninayoifuata mimi ni hii: jina la kitu libaki, kitendo kigeuke. Na hapa ndipo kile kina cha -ka kilipotusaidia sana, nataka nikae hapa kidogo.

Angalia maneno ya mwisho ya mama: yazimika, lachanika, imekatika, ikafungika, yapukutika. Mengi ni yale ya kauli ya kutendeka, kitu kimepatwa na jambo wala hakuna aliyelifanya. Taa imezimika, nani kaizima? Haijulikani. Kamba imekatika, nani kaikata? Hakuna. Ndiyo maana shairi linauma, kila kitu kinaharibika peke yake na mama amekaa tu anatazama. Lakini silabi -ka haikaliwi na kuharibika peke yake. Kina chetu ni silabi ya mwisho tu, irabu iliyotangulia haina masharti, kwa hiyo mlango huo huo wanapita waka, fika, cheka, shika, tweka, tandika, funguka, kunjuka. Nilimwambia achukue karatasi achore mstari katikati, kushoto aandike vitenzi vyote vya -ka vinavyovunja, kulia vinavyojenga, bila kufikiria shairi kwanza. Alipata kumi na nane kushoto na ishirini na mbili kulia. Ukifanya zoezi hilo na upande wa kulia ukatoka na maneno matatu tu basi jua kina chako hakitakubali kugeuzwa, na ni heri ujue mapema kabla hujapoteza usiku.

Tukaanza na kibwagizo, kwa sababu ndicho kinachosikika mara nyingi kuliko mshororo wowote. "Mwanangu yu safarini, nami nangoja nachoka." Ukwapi hatukuugusa. Safari ni safari, ya kwenda na ya kurudi zote zinaitwa safari, kwa hiyo maneno yale yale sasa yana maana nyingine bila kubadilishwa. Utao tukageuza irabu moja: nangoja nacheka. Irabu moja tu! Msikilizaji anasubiri "nachoka" kwa mazoea ya miaka, mdomo wake ushajiandaa, halafu anakutana na "nacheka". Mabadiliko madogo kiasi hicho yana nguvu kwa sababu la zamani bado linasikika chini yake.

Mshororo wa kwanza ulikuwa rahisi, "taa yangu inawaka". Wa pili ukatupa kazi kidogo, bintiangu alitaka "lainuka", inaingia mizani vizuri, lakini tanga haliinuki lenyewe na mwanamaji yeyote atakuuliza. Tanga hutwekwa. Nikaandika "tanga lake wametweka", ta-nga-la-ke-wa-me-twe-ka, na zaidi ya kuwa neno la kazi yenyewe limeleta watu ndani ya shairi. Kwenye la zamani hakuna mtu mwingine ila mama na mwana. Sasa kuna mabaharia.

Kamba ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko vyote. Wazo la kwanza la kila mtu ni "na kamba imefungika", jahazi limefika limefungwa gatini, mizani nane, kina sawa. Nikakataa. Kibwagizo kinasema bado yuko safarini, sasa kamba ya jahazi lake imefungwaje? Ukifikisha chombo mshororo wa tatu umeua kungoja, na kungoja ndiyo roho ya shairi lote. Makosa haya nayaona sana watu wakigeuza mashairi, wanakimbilia mwisho mwema, wakati matumaini ni ya mtu ambaye jambo lake bado halijafika. Tukajaribu "imefunguka", hapana, hiyo ni kamba ya chombo kinachoondoka. Mwisho tukapata "na kamba tumeishika". Waliozoea kuvuka wanaijua picha hiyo, chombo kinakaribia na walioko ukingoni wanajiweka tayari na kamba. Bado hajafika, lakini wako tayari.

Ubeti wa pili tatizo lilikuwa upepo. Kusi ni upepo wa miezi ya kati ya mwaka, bahari inachafuka, vyombo vidogo vinajificha. Kinyume chake ni kaskazi, upepo ulioleta majahazi kutoka Arabuni tangu zamani, kwa hiyo kwa mwana anayerudi kutoka Ghuba hakuna upepo mwingine unaofaa. Ila kusi ni silabi mbili, na kaskazi je? Hapo hata washairi wanabishana, kuna anayehesabu ile s iliyosimama pekee kuwa mizani na kuna anayesema haihesabiki. Mimi sipendi mstari unaotegemea ubishi, nikatumia umbo la kale, kasikazi, silabi nne wazi. Ikabidi nikate kwingine: "Kasikazi imo ndani". Milango nayo, fungika ikawa funguka, irabu moja tena.

Matokeo haya:

Nimekaa ukingoni, taa yangu inawaka
Jahazi li mawimbini, tanga lake wametweka
Nuru imeshuka pwani, na kamba tumeishika
Mwanangu yu safarini, nami nangoja nacheka

Kasikazi imo ndani, milango imefunguka
Kitanda chake chumbani, shuka safi natandika
Asumini kiwandani, maua yamekunjuka
Mwanangu yu safarini, nami nangoja nacheka

Ukiyaweka pamoja utaona majina mawili tu ndiyo yaliyotolewa upande wa ukwapi, kiza kikawa nuru na kusi ikawa kasikazi. Utao ndio uliobeba mageuzi, na "vumbi" peke yake ndilo lililokosa namna, nilijaribu wazo la kulifuta vumbi mara sita kwa maneno tofauti na kila mara mama alionekana anafanya usafi tu. Shuka ikalishinda.

Si kila shairi linakubali hivi. Mwezi uliopita mtu aliniomba nimgeuzie marthiya ya babake na nikamwambia siwezi, vitu vya mle ndani vilikuwa sanda, kaburi na jeneza, na hakuna kitenzi utakachokiweka kando ya sanda kikaifanya kitu kingine. Kwa kanuni yangu ya kubakisha majina, pale pangehitajika shairi jipya kabisa.

Bintiangu akamrekodia mamake vois akamtumia kwa wasap. Mama alisikiliza, akaniita mwenyewe. Hakusema chochote kuhusu kucheka wala taa. Aliniuliza, "Mwalimu, hiyo kamba, 'tumeishika' ni nani na nani?" Nikamweleza kwamba kina mama wote wataimba pamoja, na mwana akishuka Manda kwenye ndege atavukishwa kwa boti, gatini tutakuwa wengi. Akanyamaza kidogo. "Mimi ndiye nliyengoja," akasema.

Na-ka-mba-ni-me-i-shi-ka. Nane. Nimebadilisha.