Chupa angavu si ushahidi wa mafuta safi

Karibu kila mkamuaji mdogo wa alizeti anayetaka kuingia kwenye rafu za maduka makubwa ana wazo lilelile: chupa angavu, ili mteja aone rangi ya dhahabu. Nimelisikia mara nyingi mno, basi nalijibu kwa kirefu.

Alizeti ya kawaida, ile ya Singida na Dodoma, ina asidi ya linoleiki kwa wingi, na hiyo hushambuliwa na oksijeni kwa urahisi. Mafuta yaliyokamuliwa na kuchujwa tu hubaki pia na chembe za klorofili. Klorofili ikipigwa na mwanga huiamsha oksijeni iliyomo ndani ya mafuta, ikawa kali mara nyingi kuliko ilivyo gizani. Vitamini E hupunguza kasi hiyo lakini haiizuii. Wengine hujitetea kwamba plastiki ya PET huzuia miale ya urujuanimno. Huzuia sehemu yake, ndiyo, lakini klorofili hufanya kazi kwa mwanga wa kawaida tunaouona, hata wa taa za dukani. Kwa hiyo rangi inayomvutia mteja inaonekana kupitia dirisha lilelile linaloyachachisha mafuta.

Asiyeamini ajaze chupa mbili siku moja kutoka pipa moja, moja aifunge kwa karatasi ya foili, zote aziweke dirishani wiki tatu. Kisha apashe moto kijiko kimoja cha kila chupa na kumpa mtu mwingine anuse bila kujua ipi ni ipi. Anayetaka namba apeleke sampuli maabara wapime peroksaidi, dalili ya mafuta kuanza kuchacha: kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni 15 kwa mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa, na 10 kwa yaliyosafishwa.

Basi chupa ya kahawia? Ni bora, lakini si dawa kamili, kwa sababu huzuia mwanga wa buluu na kupitisha mwekundu, ambao klorofili huupokea pia. Kopo la bati huzuia wote. Ninapokwama ni kwa mnunuzi mwenyewe: anaogopa mafuta yaliyochanganywa, na chupa ya giza inamnyima ushahidi pekee aliouzoea. Hofu hiyo ina haki yake. Kwa sasa napendekeza chupa ya kahawia, lebo inayoizunguka karibu yote, na ufito wa sentimita moja ulioachwa wazi ubavuni. Na maboksi yabaki yamefungwa mpaka siku ya kupanga rafuni.

Lebo iwe ya plastiki, si karatasi, kwani karatasi hunyonya mafuta na kufanya madoa. Futa chupa kwa spiriti kabla ya kubandika na kabla ya kugonga namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, la sivyo wino utafutika kwa kidole, na chupa isiyosomeka tarehe ni chupa isiyo na tarehe. Nyanda za baridi kama Njombe mafuta yasiyosafishwa huweza kuwa na ukungu, kwa sababu nta ya maganda huganda. Andika hivyo kwenye lebo, vinginevyo mteja ataona yameharibika.

Sasa maneno yanayoniudhi: “Haina kolesteroli!” kwa herufi kubwa mbele. Mafuta yote ya mimea hayana, au yana chembe isiyofaa kuhesabiwa. Miongozo ya Codex inaruhusu kutaja sifa ya aina hiyo ikiwa tu msomaji anaona wazi kwamba vyakula vyote vya namna hiyo vinayo. Andika, “Kama mafuta yote ya mimea, hayana kolesteroli,” au acha kabisa. Hali kadhalika “yamekamuliwa kwa baridi”: ukizichoma au kuzipika mbegu kwa mvuke kabla ya mashine, umeshatumia joto, na maneno hayo si yako.

Kisha ujazo. Lita moja ya mafuta ya alizeti si kilo moja. Kwenye nyuzijoto 20 ina uzito wa gramu 920 hivi. Mafuta yakitoka kwenye mashine yakiwa na nyuzijoto 40, yamevimba, na lita moja hapo ni gramu 906 tu. Yakipoa hadi 20 yatabaki kama mililita 985, nawe umeandika 1000. Zaidi ya hapo, chupa ya plastiki iliyofunikwa ikiwa moto hubonyea ikipoa, na mteja hudhani imefunguliwa. Yaache yapoe na kutulia, kisha jaza kwa mizani: uzito wa chupa tupu, ongeza gramu 920, ndipo ufunike.