Je, wajua jinsi ya kugeuza notsi za uchakavu kuwa maswali mafupi yenye maksi zake?

"Nina notsi za uchakavu za bukukipingi, nataka kutunga maswali mafupi ya tesi. Maswali nayaona lakini maksi ndo zinanishinda, kwa nini hili nilipe 2 na lile 4? Na jibu la mfano niliandikeje ili wakati wa kusahihisha nisianze kubishana na madogo?"

Anza na jibu afu swali lije baadae. Chukua sentensi moja kwenye notsi, iandike kama jibu, kisha hesabu ina vitu vingapi ambavyo mwanafunzi lazima avilete yeye mwenyewe, hizo ndo maksi zako. Mfano notsi nyingi zinasema uchakavu ni kugawa gharama ya mali ya kudumu kwa utaratibu katika miaka itakayotumika. Hapo kuna vitu viwili, kugawa gharama (1) na miaka ya matumizi (1), basi swali ni la maksi 2. Sasa kuna dogo ataandika "ni kupungua kwa thamani ya mali" akaishia hapo, na huyu wapo wengi, kwahiyo amua mapema na uandike kabisa kwenye makingi skimu kwamba anapata 1 au hapati. Mimi nampa 1, maana kuna notsi zinazofundisha hivyo hivyo.

Ila kazi yenyewe iko kwenye hesabu. Tuseme umetunga hivi: pikipiki imenunuliwa 1 Januari 2022 kwa shilingi 3,000,000, thamani ya mabaki 600,000, hesabu zinafungwa 31 Disemba, kokotoa uchakavu wa mwaka 2023 kwa njia ya salio linalopungua, asilimia 20. Jibu sahihi: mwaka 2022 ni 600,000, salio linabaki 2,400,000, asilimia 20 yake ni 480,000. Safi eeh? Haliko safi hata kidogo. Kwenye njia hii asilimia inapigwa kwenye salio lote, mabaki hayatolewi kwanza, sasa mwanafunzi asiyejua hilo anatoa 600,000 kwenye 3,000,000, anapiga asilimia 20 mara moja tu, anapata 480,000 ile ile! Amekosea mara mbili, katoa mabaki na karuka mwaka mzima, na jibu lake linafanana na la kwako, ukiwa unasahihisha usiku umechoka unampa zote.

Dawa yake ni kubadilisha namba moja tu, mabaki yawe 400,000. Jibu sahihi linabaki 480,000 lakini yule wa kutoa mabaki sasa anaangukia 520,000. Aliyeandika 600,000 unajua kabisa amerudia ya mwaka wa kwanza kama vile ni njia ya mstari mnyoofu, na mwenye 1,080,000 amejumlisha miaka miwili, yaani kakuletea uchakavu limbikizi wakati umeuliza wa mwaka mmoja. Kwahiyo kabla hujapiga chapa, kokotoa swali lako kwa makosa yote unayoyategemea, majibu mawili yakigongana badilisha namba.

Maksi 4 zinakaa hivi: uchakavu wa 2022 (1), salio baada ya kutoa (1), kupiga asilimia 20 kwenye salio hilo (1), jibu 480,000 (1). Mbili za katikati zifuate namba ya mwanafunzi mwenyewe. Mfano aliyetoa mabaki mwaka wa kwanza akapata 520,000, akaitoa kwenye 3,000,000 ikabaki 2,480,000, akapiga asilimia 20 akapata 496,000, huyo anakosa ya kwanza na ya mwisho lakini katikati kafanya sawa, mpe 2. Ukimpa sifuri unamwadhibu kosa moja mara nne. Na yule wa 1,080,000 kama hatua zote zinaonekana anapoteza ya mwisho tu.

Hii yote inafanya kazi kama umeandika kwenye swali "onyesha njia", usipoandika afu dogo akaleta 480,000 tupu huna sababu ya kumkata.

Kitu kingine ni tarehe. Nimeweka 1 Januari makusudi, ukiweka 1 Aprili wengine watachaji mwaka mzima na wengine miezi tisa, yaani 450,000 badala ya 600,000, na wote wako sahihi kutegemea sera ya biashara. Kama notsi zako zimefundisha miezi basi iseme sera hiyo ndani ya swali na uiongezee maksi 1 ya kuhesabu miezi.